Joho la Mzee na Stola Iliyoshuka Kushoto

Dada mmoja aliingia studio kwangu, hapa Majengo, Dodoma, akiwa na mfuko wa khaki na mfuko wa rambo. Kwenye khaki kulikuwa na picha ya baba yake, saizi ya postikadi, iliyopigwa harusini miaka ya tisini. Mzee amevaa koti la suti na shati jeupe, anaitazama kamera, flashi imempiga usoni moja kwa moja. Kwenye rambo kulikuwa na joho la kwaya la rangi ya damu ya mzee, lililokunjwa vizuri na kunukia vidonge vya kuzuia nondo. Lilikuwa limekaa kwenye sanduku la bati tangu mzee afariki.

Mzee aliimba besi katika kwaya moja ya mjini kwa miaka mingi, lakini nyumbani hapakuwa na picha hata moja inayomwonyesha peke yake akiwa ndani ya joho. Zilizokuwepo ni za kundi, yuko mstari wa nyuma, kichwa kinaonekana na kifua kimezibwa na waimbaji wa mbele. Familia ilitaka picha ya ukutani. Dada akaniambia, "Kaka, usimvalishe joho la mtandaoni. Mvalishe hili."

Nilifurahi kusikia hivyo, kwa sababu majoho ya mtandaoni ndiyo yanayoharibu kazi hizi. Mtu anapakua picha ya joho tupu iliyokatwa tayari, anaibandika juu ya shati, anaivuta pembeni mpaka mabega yakae, kisha anampa mteja. Ukiitazama kwa mbali ni joho. Ukiisogelea unaona kichwa kimekaa juu ya kitu ambacho mwenye kichwa hakukivaa.

Joho ni mavazi kadhaa yanayovaliwa kwa mpangilio, moja juu ya jingine, na editi ikishapoteza mpangilio huo hakuna rangi wala kivuli kitakachoiokoa. Mimi nilijifunza hilo kwenye majoho ya mawakili. Wakili anavaa shati jeupe, kisha zile bendi mbili nyeupe zinazofungwa shingoni na kuning'inia mbele ya shati, kisha koti jeusi, na joho jeusi linakuja mwisho kabisa, likiwa wazi mbele. Bendi zinakaa ndani ya ule uwazi, na anayevaa bendi havai tai. Nimeona picha za ofisini ambazo bendi zimebandikwa juu ya tai, na fundo la tai linachungulia pembeni. Nyingine bendi zimelala juu ya ukingo wa joho kana kwamba joho lilivaliwa kwanza. Mwenye picha haoni, lakini mawakili wenzake wanaona kabla hata hawajamtazama usoni.

Niseme na hili, kwa sababu naulizwa mara kwa mara tangu mji ujae ofisi za serikali na mahakama. Joho la wakili namwekea wakili tu, ambaye tayari ameapishwa na picha yake ya siku hiyo iliharibika au haikupigwa vizuri. Kijana anayetaka "aonekane wakili" kwenye ukurasa wake namkatalia, maana sheria inakataza mtu asiye na sifa kujionyesha kwamba ni wakili. Na joho la jaji siligusi kabisa bila kuwa na picha ya joho lake mwenyewe mkononi, kwa kuwa rangi na ukingo wa joho vinasema mahakama na cheo, na kosa dogo hapo linampa mtu cheo ambacho si chake.

Turudi kwa mzee wa besi.

Kitu cha kwanza kilikuwa kuliona joho likiwa limevaliwa. Joho lililotundikwa kwenye hanga linaanguka wima kama pazia na halina kifua ndani yake. Nilimwomba dada amlete kaka yake mdogo, ambaye familia yote ilisema ana mabega ya baba. Alipovaa ndipo nilipoelewa vazi lenyewe. Juu kuna kipande cha mabegani, laini, kisicho na mkunjo. Kutoka hapo, usawa wa kifua, marinda yanaanza na kushuka mpaka miguuni. Shingo imesimama kidogo. Halafu kuna stola ya rangi ya maziwa, upana sentimita tisa, inayopita nyuma ya shingo na kushuka mbele pande zote mbili mpaka karibu na kiuno, na kila ncha ina msalaba mdogo uliodariziwa. Pia kuna kola nyeupe, pana, inayovuliwa na kufuliwa peke yake.

Mara ya kwanza nilimpiga kijana nje, uwanjani, saa sita mchana, nikidhani mwanga mwingi utanisaidia. Ile picha haikufaa kitu. Jua la Dodoma saa hizo liko utosini, kwa hiyo kila rinda lilikuwa na kivuli kinachoshuka chini, na udongo wetu mwekundu ulikuwa unarudisha mwanga kutoka ardhini na kulipaka pindo la joho rangi ya matofali. Picha ya mzee ilipigwa kwa flashi iliyokaa juu ya kamera, ndani ya ukumbi. Mwanga wake unatoka mbele, vivuli ni vyembamba na vinajificha nyuma ya vitu. Kichwa chenye mwanga wa mbele hakiwezi kukaa juu ya mwili wenye mwanga wa utosini. Jicho la mtu yeyote linakataa, hata kama mwenyewe hawezi kueleza linakataa nini.

Nikarudia ndani. Nilizima taa zote, nikaweka flashi juu ya kamera, nikasimama umbali wa mita mbili hivi. Ili kujua urefu wa kamera niliitazama picha ya zamani: kidevu hakikuinuliwa, mabega yote mawili yanaonekana kwa juu kidogo tu, kwa hiyo mpiga picha alikuwa usawa wa macho ya mzee. Mzee ameelekeza bega la kulia mbele kidogo, nami nikamgeuza kijana vivyo hivyo. Hapa watu wengi wanageuza picha kwa kompyuta, kulia kuwa kushoto, ili mwili uangalie wanakotaka. Ukifanya hivyo vifungo vinahamia upande usio wake, na kama kuna herufi zilizodariziwa zinasomeka kinyume. Ni rahisi zaidi kumwomba mtu ageuke.

Picha ya mzee niliiskani kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi, ikatoka na upana wa pikseli 2,362. Kisha nikatafuta kipimo. Umbali kati ya mboni mbili za mtu mzima huwa karibu sentimita 6.3, na hautofautiani sana kati ya mtu na mtu, kwa hiyo ndio rula ninayoitumia. Kwenye picha ya mzee umbali huo ulikuwa pikseli 232, maana yake sentimita moja ya mwili wake ni kama pikseli 37. Stola ya sentimita tisa inapaswa kuwa na pikseli 333. Kola, ambayo nilipima kwa tepu ikawa sentimita saba, inapaswa kuwa 259. Nilipoivuta picha ya joho mpaka stola ikafika hapo, mabega yakaja yenyewe mahali pake, mapana kiasi cha vichwa vitatu, jambo ambalo ni la kawaida kwa mwanaume. Kama ningeanza kwa kunyoosha joho lifuate mabega ya koti la suti, lenye pedi ndani, mzee angetoka na mabega ya mbeba magunia na stola ya upana usiokuwepo duniani.

Sasa rangi. Kishawishi ni kuisafisha picha ya zamani kwanza, kisha kuweka joho jipya. Mimi nafanya kinyume. Karatasi ya picha ikishakaa miaka thelathini, nyeupe yake si nyeupe tena. Shati la mzee, kwa vipimo vya nyekundu, kijani na bluu, lilisomeka 238, 226, 200, yaani linaelekea manjano, wakati kola niliyopiga juzi ilisomeka 243, 243, 241. Kwa kutumia `Curves`, kifaa cha kurekebisha mwanga na rangi, niliishusha kola mpya, na joho lote pamoja nayo, mpaka nyeupe yake ikawa nyeupe ileile ya shati. Nikalilainisha joho kidogo, maana kamera ya sasa inaonyesha kila uzi na picha ya mzee haionyeshi hata nyusi zote, na nikaongeza chembechembe zinazofanana na za karatasi. Joho likawa limezeeka sawa na uso. Baada ya hapo ndipo nilipotoa manjano kwenye picha nzima kwa pamoja, uso na vazi. Vitu viwili vilivyosafishwa mbali mbali havikutani tena, na mpaka wao unaonekana shingoni.

Kwenye Photoshop nilipanga leya, yaani tabaka za picha, kutoka chini kama mtu anavyovaa: picha ya mzee, joho, kola, stola, na juu ya vyote taya na kidevu cha mzee, kilichokatwa kwa maski, kwa sababu kidevu kiko mbele ya shingo na lazima kikae juu. Kila kilichokuwa kitu peke yake kwenye meza yangu kilikuwa leya peke yake kwenye skrini. Kazi inakuwa ndefu kidogo, lakini kola ikikosewa unaihamisha kola bila kugusa stola, na kivuli kinapata mahali pa kukaa, yaani katikati ya leya mbili. Kivuli cha stola kinaanguka juu ya kola, cha kola kinaanguka juu ya joho. Ukiweka joho zima kama kipande kimoja, huna pa kuviingiza.

Vivuli vyenyewe niliviweka kwa `Multiply`, inayotia giza kilicho chini yake, na sikutumia rangi nyeusi. Nilichukua rangi kutoka kwenye kivuli kilichokuwa chini ya kidevu cha mzee kwenye shati lake halisi, kijivu chenye joto kidogo, na umbo lake pia nikalifuata. Kwa flashi ya mbele kivuli hicho ni chembamba, kama ukucha. Kivuli cha stola kilikuwa chembamba zaidi, pikseli kumi hivi, upande mmoja tu. Nikikizidisha, stola inaonekana imeelea hewani. Nikikiacha, inaonekana imechorwa.

Na hapa kuna jambo linalonikera kwenye kazi nyingi ninazoziona. Fundi wa picha anajua joho lina marinda, kwa hiyo anaikunjakunja stola ifuate marinda ili "ikae". Stola ina kitambaa kigumu ndani. Haifuati marinda, inapita juu yake kama daraja. Rinda linaingia chini ya ukingo wa stola na kutokea upande wa pili likiwa limehama kidogo, kwa sababu uzito wa stola unalikandamiza. Ukitazama joho la kweli kwa karibu, ukingo wa stola unashuka bila mawimbi, na ni marinda yanayobadilika pembeni yake. Niliuacha ukingo ushuke wenyewe kama nilivyoupiga, nikashughulika na marinda tu pale yalipokatika.

Rangi ya damu ya mzee nayo ina shida yake kwenye uchapaji. Kwenye skrini mikunjo ilionekana vizuri, lakini chapa ya majaribio ilitoka na kifua kimekuwa bapa, chekundu kizito, marinda yamezama. Karatasi inameza giza. Nilipandisha kidogo sehemu za giza za joho peke yake, nikachapa tena kipande kidogo cha kifua, nikakiweka karibu na joho lenyewe mlangoni penye mwanga. Mara ya tatu ndipo rinda la pili kutoka katikati lilipoonekana. Joho jeusi la wakili linasumbua kwa namna hiyohiyo na zaidi. Nyeusi ikifika sifuri kila mahali, mkono na mwili vinakuwa doa moja, na huwezi kuona mkono wa joho unaanzia wapi.

Nilipomaliza niliridhika. Nilimtumia dada picha kwenye simu, akasema ni nzuri, ila angependa mama mmoja wa kwaya aione kabla haijachapwa kubwa. Siku ya pili wakaja wote wawili. Mama huyo aliimba na mzee tangu ujana wao. Nilimwamkia, nikamvutia kiti mbele ya skrini. Aliweka miwani, akakaa kimya muda mrefu.

Kisha akasema, "Mwanangu, hii si kwaya yetu."

Nikamuuliza kwa nini.

"Stola imekaa juu ya kola. Sisi kola inalalia stola."

Nilirudi kwenye picha nilizompiga kijana. Kweli, kijana alivaa kola kwanza kisha akatupia stola juu, kwa sababu hakuna aliyemwelekeza, na mimi nilipanga leya kwa kumfuata yeye. Kwenye skrini stola yote ilionekana mpaka nyuma ya shingo. Walivyovaa wao, stola inatangulia, kola inafuata na kuangukia mabegani, kwa hiyo stola inatokea chini ya ukingo wa kola na sehemu ya juu haionekani kabisa. Mama akanieleza na sababu. Kola ikiwa juu, inaishika stola isiteleze wanapopiga hatua wakiingia kanisani.

Hakukuwa na haja ya kupiga upya. Nilihamisha leya ya kola juu ya stola, nikafuta kivuli ambacho stola ilikuwa inaangusha kwenye kola, nikachora kingine cha kola kwenye stola. Kitu pekee kilichonipa kazi ni kola yenyewe, maana sehemu iliyofunikwa na stola haikuwepo kwenye picha. Niliijaza kwa kuchukua kitambaa cha mbele, ambako kola ilikuwa wazi, nikakizungusha kifuate duara la bega. Nusu saa hivi. Mama alikuwa amekaa palepale akitazama.

Akasogea zaidi. "Na misalaba yake imelingana."

Nilikuwa nimeilinganisha mwenyewe. Kwenye picha ya kijana ncha moja ilikuwa juu kidogo, nikaona ni kosa la kuvaa, nikazisawazisha kwa mstari wa rula.

"Yake haikulingana hata siku moja," akasema. "Alishika kitabu cha nyimbo mkono wa kushoto, stola ikawa inavutika upande huo. Tulikuwa tunamrekebisha kila Jumapili kabla ya kuingia, tukifika kwenye ubeti wa pili imeshashuka."

"Kushoto kwake au kwangu ninayetazama?"

"Kwake."

Nilimuuliza ilishuka kiasi gani. Akaonyesha kwa vidole viwili vilivyolala, karibu sentimita tatu na nusu. Stola ni kitambaa kimoja kinachozunguka shingo, kwa hiyo upande mmoja ukishuka, mwingine unapanda kwa kiasi kilekile. Tofauti ya sentimita tatu na nusu ni nusu kwa kila upande, yaani karibu pikseli 65 chini kushoto na 65 juu kulia. Nilitenganisha pande mbili za stola, nikazisogeza, nikarudisha vivuli, na marinda mawili upande wa kushoto nikayaelekeza upya, kwa kuwa ncha iliyoshuka inayafunika yalipokuwa wazi. Sehemu ya nyuma ya shingo ilikuwa chini ya kola tayari, kwa hiyo hapakuwa na cha kurekebisha huko. Ile kola iliyonisumbua sasa ilinisaidia.

Dada alikuwa amesimama mlangoni. Alipogeuka na kuiona, alishika mdomo.

Mama wa kwaya hakusema kwamba imefanana. Aliinua kidole, akakiweka karibu na skrini, hewani, pembeni ya bega la kulia la mzee, mahali ambapo hapakuwa na mtu, akaanza kutaja majina ya waliokuwa wanasimama mstari ule, mmoja baada ya mwingine, besi kwanza.

Tulichapa sentimita 30 kwa 40, nakala mbili. Nyuma ya kila moja niliandika kwa kalamu kwamba uso ni wa picha ya harusi na joho ni lake mwenyewe, limevaliwa na mwanawe, na vimeunganishwa studio, ili wajukuu watakaoirithi wajue wanachokitazama. Nakala moja ilikwenda nyumbani. Ya pili mama aliibeba mwenyewe, imefungwa kwenye gazeti, akaniambia wataitundika kwenye chumba cha mazoezi.

Joho nilitaka kulirudisha kwenye rambo lake. Dada akalitazama, akaitoa kola, akasema hiyo ataifua kwanza.